Pazo la vipande elfu moja: anga la bluu usilipange kwa rangi peke yake

"Wakuu nimeletewa pazo, ile picha iliyokatwa vipande vya kuunganisha, la vipande 1000, fremu ya pembeni nimeimaliza, maua na nyumba zimeenda vizuri ila anga lote bluu tupu limenigomea wiki ya pili sasa. Nyie vipande mnavipangaje?"

Mkuu, kabla ya anga hakikisha kwanza hiyo fremu imekaa sawa, maana mimi ilinisumbua siku tatu nzima nikidhani tatizo liko katikati. Mapazo mengi yanayoandikwa 1000 yanakuwa na safu 38 kwa 27, ukizidisha unapata 1026, na vipande vya pembeni vinakuwa 126 pamoja na kona zake nne. Ya kwangu ilikuwa ya Mlima Kilimanjaro na tembo mbele, fremu ikafunga vizuri kabisa kwa macho, lakini nilipohesabu upande wa kushoto ulikuwa na 27 na wa kulia 26. Kumbe kipande kimoja kilikuwa bado kimejificha kwenye sinia la vipande vya nyasi, halafu vipande viwili visivyohusiana vikashikana pale kwenye pengo. Kwa hiyo hesabu juu na chini, kushoto na kulia, pande zinazotazamana lazima zilingane hata kama lako lina idadi nyingine ya safu. Zisipolingana tafuta kiungo cha uongo: zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu nyuma ya kile kiungo, panapopenya mwanga kama uzi ujue hapo vipande vimelazimishwa.

Sasa anga. Rangi inasaidia pale penye kitu cha kuona, manyoya, mistari ya ukuta, majani, hapo wala usihangaike na maumbo utapoteza muda bure. Umbo unalianza pale rangi inapokufa. Mimi nilibaki na vipande kama 300 vya bluu, nikangoja mchana nikavisogeza dirishani, maana usiku chini ya balbu ya njano bluu zote zinafanana. Mchana ukitulia unaona kumbe anga juu kabisa ni bluu nzito na inavyoshuka kuelekea mlimani inakuwa nyeupe nyeupe, nikagawa mafungu matatu, nzito, ya kati na nyepesi. Vile vyenye hata alama ndogo ya wingu au ncha ya theluji vikakaa peke yake, hivyo ndivyo vya kuanza navyo maana vina pa kushikia.

Baada ya hapo kila fungu nikaligawa kwa umbo. Kipande cha katikati kina pande nne, kila upande ni kichwa kilichochomoza au kitundu cha kupokea kichwa cha jirani, ukiangalia vizuri unakuta aina 6 tu: vichwa vinne, vitatu, viwili vinavyotazamana, viwili vilivyo jirani, kimoja, na kile chenye vitundu pande zote. Kwenye mapazo mengi ile ya viwili vinavyotazamana ndiyo inajaa, kwangu ilizidi nusu ya anga, kwa hiyo usishangae fungu moja kuwa kubwa na mengine kuwa machache. Panga kwenye mistari juu ya kadibodi, vyote vimeangalia upande mmoja, vichwa juu na chini, usivirundike.

Namna ya kutumia ni hivi. Nilikuwa na pengo chini ya wingu, tayari lina majirani wa juu na wa kushoto, na wote wawili wametoa vichwa kuingia kwenye pengo. Maana yake kipande ninachotaka kina vitundu juu na kushoto, kwa hiyo vile vyenye vichwa viwili vinavyotazamana vyote nje, haviwezi kuwa na vitundu viwili jirani, lile fungu kubwa nimeliacha zima bila kugusa. Nikabaki na kama 20 vya bluu nyepesi, nikajaribu kimoja kimoja kwa mstari, kilichokataa nakihamishia upande wa pili wa kadibodi nisikirudie, cha 11 kikaingia. Ndiyo maana nakwambia chagua pengo lenye majirani wawili au watatu, lenye jirani mmoja linakubali uongo kirahisi sana.

Na kwenye bluu tupu kipande kuingia haitoshi. Kikiwa chenyewe kinaingia bila kusukuma kwa dole gumba, na ukipitisha kidole juu ya kiungo husikii ngazi. Ukisikia kingo moja imeinuka, toa hapohapo, maana ukikiacha utajenga safu nzima juu yake ndio ugundue mwishoni vinabaki viwili havina pa kwenda.

Kama pazo lako ni la zile zilizokatwa ovyo bila safu, hii ya aina 6 haitakufaa sana, hapo utapanga kwa upana wa shingo ya kichwa na kona zilizopinda. Tupia picha ya vipande vitano sita hapa tuone ni aina gani.