Shilingi ipi, elfu ngapi, mwezi gani?

Mwaka wangu wa kwanza kwenye ununuzi, hapa Dar, tulikuwa tunaleta vipuri kutoka Nairobi. Msafirishaji aliandika kwenye barua pepe: "Kuna gharama ya ziada pale Namanga, 15,000/=." Nikajibu "Sawa, endelea." Ankara ilipokuja nilikuta ni shilingi 15,000 za Kenya. Kwa wakati ule shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 20 za Tanzania, kwa hiyo nilichokiona kama nauli ya bodaboda chache kilikuwa karibu laki tatu. Hakunidanganya. Alama ile ya /= sote tumekua nayo, ila haisemi shilingi ni ya nchi gani, na neno langu la "sawa" lilikuwa limeshamfunga bosi wangu. Tulilipa.

Tangu siku hiyo naandika msimbo wa herufi tatu mbele ya kila kiasi: TZS, KES, UGX, USD. Kila kiasi, hata kama barua nzima inahusu sarafu moja, kwa sababu mtu wa uhasibu atakata mstari mmoja tu na kuubandika kwenye faili lake. Alama ya $ peke yake nayo iache, kwani Kanada na Australia wana dola zao. Ukiandikiana na Lubumbashi au Bujumbura, kumbuka kuwa waliosoma kwa Kifaransa hutumia mkato pale sisi tunapoweka nukta ya senti. 1,500 yako mwenzako anaweza kuisoma moja na nusu.

Hapo ndipo maneno yanapookoa, lakini Kiswahili nacho kina mtego wake. Andika "elfu mia mbili na hamsini", kisha waulize wenzako wawili ni ngapi. Mmoja atakwambia 250,000, mwingine 200,050, na wote wana haki. Hata "elfu arobaini na tano" huweza kuwa 45,000 au 40,005. Dawa ni kutumia laki na kurudia neno elfu pale linapohusika: "laki mbili na elfu hamsini". Kwa kiasi kidogo, tanguliza idadi: "arobaini na tano elfu" ni 45,000, basi. Malizia na "tu", kama kwenye hundi, ili mtu asiongeze kitu mbele.

Na usiyaandike maneno kwa mazoea. Kwenye hundi, sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, ile ya mwaka 1882, inasema tarakimu na maneno vikipingana, maneno ndiyo yanayohesabika, ingawa benki nyingi huirudisha tu hundi ya namna hiyo. Barua pepe si hundi, lakini mkigombana msomaji ataegemea upande huohuo. Mimi huandika maneno kwa kuisoma jumla ya mwisho, kisha nayasoma maneno peke yake na kuandika tarakimu pembeni kwenye karatasi. Zisipofanana, nimekosea mahali.

Mfano ni oda ya nakala 300 za daftari la stoo, kila moja TZS 4,850, na usafiri TZS 50,000:

```
Daftari: 300 x TZS 4,850 = TZS 1,455,000
Usafiri: TZS 50,000
Jumla, pamoja na VAT: TZS 1,505,000
(Shilingi za Tanzania milioni moja, laki tano na elfu tano tu)
Mwisho wa kulipa: Ijumaa, 3 Mei 2024, saa 10:00 jioni (16:00)
```

Tarehe nimeiandika kwa jina la mwezi makusudi. 03/05/2024 kwetu ni Mei, lakini kompyuta nyingi za ofisini zimeachwa kwenye mpangilio wa Kimarekani, na Excel itaigeuza kuwa tarehe 5 Machi bila kukuuliza. Ukipokea orodha ya aina hiyo, tazama safu ya tarehe. Zile zenye siku kuanzia 13 kwenda juu zikiwa zimeegemea kushoto kama maandishi, na nyingine ziko kulia, ujue zile za kulia zimeshageuzwa siku na mwezi. Jina la siku ya juma nalo ni kipimo: lisipoafikiana na tarehe, mpokeaji atauliza kabla hajalipa. Saa nimeiweka kwa namna mbili kwa sababu saa kumi yetu si saa kumi ya mfumo wa benki.

Kiasi kikibadilika baadaye, usirekebishe ndani ya barua ya zamani iliyonukuliwa chini. Andika upya jumla nzima, tarakimu na maneno, kisha mstari mmoja: "Jumla hii inachukua nafasi ya TZS 1,505,000 niliyoandika tarehe 29 Aprili 2024." Na usubiri mwenzako airudie jumla mpya kwa mkono wake. "Sawa" yake usiipokee, nami nakwambia kama niliyewahi kuitoa.