Mahitaji ya fedha yakitikisika, benki kuu ishike ujazi wa fedha au ishike riba?

Shangazi yangu ana duka la jumla Tandika. Kabla ya Julai 2021 wateja wake wengi walimlipa kwa simu, na jioni ileile aliwatumia wenye kiwanda cha unga pesa yao kwa simu. Tozo za miamala zilipoanza, wateja wakarudi kwenye noti. Naye hakutaka kukatwa, kwa hiyo akawa anaweka noti kwenye droo ya mbao chini ya kaunta, akisubiri gari la kiwanda ambalo hupita kila siku ya tatu. Alikuwa anauza kama laki tano kwa siku. Zamani hakushika zaidi ya mauzo ya siku moja, sasa droo ikawa inafika milioni moja na nusu kabla gari halijaja.

Mauzo hayakubadilika. Unga ni uleule, na mafuta ni yaleyale. Kilichobadilika ni kiasi cha fedha anachohitaji kushika ili kufanya biashara ileile. Mimi hufundisha wanafunzi wa uchumi jioni, na tangu mwaka ule swali la IS na LM, yaani mstari wa soko la bidhaa na mstari wa soko la fedha, nalianzia kwenye droo ile, maana huo ndio mtikisiko wa mahitaji ya fedha wenyewe: hakuna aliyepunguza matumizi wala uwekezaji, ila watu wanataka kushika fedha zaidi kwa kipato kilekile.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiguse penseli kabla hujajibu mtikisiko umetoka wapi. Nikiwa chuoni niliwahi kupoteza swali zima la mtihani kwa kusogeza IS kushoto, kwa sababu tu swali lilisema uchumi umeyumba. IS ni soko la bidhaa. Droo ya shangazi haimo humo, imo kwenye LM.

Sasa chukua karatasi, riba iwe mhimili wa wima na pato mhimili wa mlalo. Tuseme bei hazibadiliki, na uchumi wetu ni huu:

```
IS:  Y = 1200 - 20i
LM:  M = 0.5Y - 10i + e
```

Y ni pato, i ni riba kwa asilimia, M ni ujazi wa fedha, na e ni ule mtikisiko. Mwanzoni e ni sifuri na M ni 400. Mistari inakutana riba ikiwa 10 na pato likiwa 1000, na tuseme hapo ndipo benki kuu inapotaka uchumi ukae.

Watu wakaanza kujaza droo, e ikawa 40. Kama benki kuu imeapa kwamba ujazi ni 400 na haung'oki, fedha ni ileile lakini wanaoitaka wameongezeka. Wenye dhamana za serikali wanaziuza ili wapate fedha taslimu, bei ya dhamana inashuka, riba inapanda. Kwenye mchoro LM inasogea kushoto, IS imetulia. Ukikokotoa utapata riba 12 na pato 960. Uchumi umepoteza 40 za pato ingawa hakuna kiwanda kilichoharibika wala mtu aliyepoteza hamu ya kununua.

Kama badala yake benki kuu inashika riba kwenye 10, chora mstari wa mlalo kwenye 10. Riba inapoanza kupanda, benki kuu inanunua dhamana na kumwaga fedha mpaka riba irudi. Kwa pato la 1000 na riba ya 10, mahitaji sasa ni 440, kwa hiyo inaongeza 40. LM ilisukumwa kushoto, ikarudishwa ilipokuwa. Pato halijagusika.

Hapa ndipo wanafunzi wangu hukwama kila mwaka. Wanasogeza LM kushoto, wanachora mstari wa riba, kisha wanaiacha LM hukohuko, na mchoro wao unakuwa na pato la aina mbili. Chora LM ya pili kwa nukta, kisha weka mshale wa kurudi, na kandoni andika ujazi mpya, 440. Huo ujazi ndio unaoonyesha kwamba umeelewa benki kuu imefanya nini.

Mwanauchumi William Poole ndiye aliyeliweka swali hili kwa namna hii mwaka 1970, na jibu lake lina upande wa pili ambao ni lazima uchore. Turudi mwanzo, e ni sifuri. Safari hii wawekezaji wamechangamka, na IS imekuwa Y = 1240 - 20i. Ukishika ujazi kwenye 400, riba inapanda hadi 11 na kuwapunguza kasi, pato linaishia 1020. Ukishika riba kwenye 10, unalazimika kuongeza ujazi hadi 420, na pato linaruka hadi 1040. Fedha uliyoongeza imechochea moto. Kwa hiyo mtu akikuambia kushika riba ni bora siku zote, muulize ni mtikisiko upi.

Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa ikilenga ujazi wa fedha kwa miaka mingi, na Januari 2024 ikahamia kwenye Riba ya Benki Kuu, ikianzia asilimia 5.5. Inachofanya ni kuhakikisha riba ya mikopo ya siku saba baina ya mabenki inakaa karibu na riba hiyo, isizidi wala kupungua kwa zaidi ya pointi mbili za asilimia. Mimi naona ni uamuzi sahihi kwa nchi ambako njia za kulipana zinabadilika upesi hivi. Tozo zinakuja na kupunguzwa, mawakala wanaongezeka, na kila badiliko linagusa e. Kushika ujazi katika hali hiyo ni kumwadhibu mwenye duka kwa sababu ya droo yake.

Tatizo ni kwamba benki kuu haiioni e. Inaona riba, ujazi, na pato ambalo takwimu zake huchelewa. Ukiwa umeshika ujazi, isome riba pamoja na pato: riba ikipanda huku pato likishuka, shuku mahitaji ya fedha, vikipanda vyote viwili, shuku IS. Ukiwa umeshika riba, riba haikuambii kitu tena kwa sababu wewe ndiye uliyeipanga. Ishara imehamia kwenye ujazi. Katika mfano wetu, ujazi wa 440 na pato la 1000 ni droo za watu. Ujazi wa 420 na pato la 1040 ni uchumi unaochemka, na hapo riba yenyewe ndiyo inayotakiwa kupandishwa.

Msimu wa korosho kule Mtwara unachanganya yote mawili. Wakulima wanatoa noti benki kwa wingi, lakini pia wana kipato kipya na wanajenga. Mwanafunzi akiniletea mfano huo namwambia achore mistari yote miwili ikisogea, kisha aseme ni ipi imesogea zaidi.