Ulimpenda Yeye, au Uliogopa Volkano?

Mama, je, mtu anaweza kumpenda mwingine mara tu anapomwona? (Msichana wa Katindo)

Kuvutiwa, ndiyo, tena upesi kuliko unavyodhani, kupenda, hapana. Swali hili limenifikia mara nyingi kiasi kwamba ninaomba anayekusudia kuniuliza tena anieleze kwanza anaita nini mapenzi, kwa sababu bila hilo tunabishana juu ya neno tupu.

Mwezi Mei 2021, tulipoamriwa kuhama Goma, nilikuwa ninakimbilia Sake kwa miguu. Kijana nisiyemjua alimbeba mtoto wa dada yangu hadi tulipofika. Moyo wangu ulipiga kwa namna ambayo sijawahi kuisikia, nikajua kwamba huyo ndiye. Mwezi uliopita tulikutana tena Birere, tukanywa soda, nami sikusikia kitu chochote. Je, mapenzi yanaweza kufa hivyo? (Mama wa Himbi)

Mdogo wangu, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu hii. Kumbuka hali yako siku hiyo. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka jioni ya tarehe 22, ardhi ilikuwa imetetemeka siku kadhaa mfululizo, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaambiwa iondoke. Moyo wako ulikuwa unapiga kwa nguvu, viganja vinatoka jasho na pumzi imekuwa fupi kabla kijana huyo hajatokea. Mwili hauna moyo mmoja wa kuogopa na mwingine wa kupenda. Dalili za mambo hayo mawili zinafanana sana, na akili, inapotafuta sababu ya dalili hizo, hushika kilicho karibu na macho. Kilichokuwa karibu na macho yako ni yeye.

Jambo hili lilipimwa mwaka 1974 na wanasaikolojia wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, huko Vancouver nchini Kanada, kwenye daraja la Capilano. Daraja hilo ni la kuning'inia, linayumba, na liko juu ya korongo la mita 70 hivi. Mwanamke kijana aliwasimamisha wanaume waliokuwa wakilivuka, akawaomba wajaze karatasi ya maswali na kutunga hadithi fupi juu ya picha, kisha akawapa namba yake ya simu endapo wangetaka kujua zaidi kuhusu utafiti. Kazi hiyo hiyo ilifanywa kwenye daraja jingine, imara na la chini, lililokuwa juu ya kijito kidogo. Kati ya wanaume 18 waliochukua namba kwenye daraja linaloyumba, 9 walimpigia. Kati ya 16 wa daraja imara, 2 tu. Hadithi za wale wa daraja la kutisha nazo zilijaa zaidi mambo ya tamaa.

Mtu mwerevu atasema kwamba pengine wanaovuka daraja la kutisha ni watu wajasiri, hivyo hawaogopi hata kupiga simu. Watafiti walilifikiria hilo. Waliwachukua watu wa daraja lile lile, lakini baadhi yao wakakutwa baada ya kuvuka na kupumzika, mioyo ikiwa imetulia, na hao walipiga simu wachache zaidi. Kwa hiyo ujasiri peke yake hautoshi kueleza tofauti hiyo.

Hata hivyo usikimbilie kusema kwamba woga ulikutengenezea mapenzi kutoka hewani. Mwaka 1981 Gregory White na wenzake waliwafanya wanaume wakimbie pale pale waliposimama, wengine kwa dakika 2 na wengine kwa sekunde chache tu, kisha wakawaonyesha mwanamke kwenye video. Waliokimbia sana walimpenda zaidi mwanamke aliyepambwa vizuri, lakini yule aliyefanywa aonekane hapendezi walimchukia zaidi kuliko wenzao waliokimbia kidogo. Msisimko, basi, hukuza kile ambacho tayari kipo. Kijana yule angekuwa amekusukuma ili apite, ungemchukia hadi leo kwa nguvu ile ile.

Kwa hiyo hakuna kilichokufa Birere. Ulichokikosa mbele ya soda ni mtetemeko wa ardhi. Ila kuna jambo moja la kweli ulilolipata njiani, nalo si mapigo ya moyo: ulimwona mtu akibeba mtoto asiye wake katika saa ambayo wengi walikuwa wakijibeba wenyewe. Hiyo ni habari juu ya tabia yake. Kama unataka kujua iliyobaki, onana naye mara tatu au nne katika siku zisizo na lolote, siku ya kusubiri maji bombani au ya kwenda naye kumwona mgonjwa, uangalie kama unatamani kuendelea kuzungumza naye. Na ninawaonya wasomaji wengine: mji wetu umepitia hofu nyingi, na ndoa zinazoahidiwa katikati ya ukimbizi ninaziona zikiletwa mezani kwangu baada ya miezi sita. Mahari isipelekwe kabla mioyo haijatulia.

Wazazi wangu wanasema walipendana siku ya kwanza, na sasa wana miaka 31 pamoja. Mama, utawaambia wanadanganya? (Kijana wa Kyeshero)

Hawadanganyi, wanakumbuka, na kukumbuka ni kazi tofauti na kurekodi. Mtu anapopenda leo, huisoma siku ya kwanza kwa macho ya leo, na yale mapigo madogo ya siku hiyo hupewa jina kubwa ambalo hayakuwa nalo. Wale ambao walivutiwa vivyo hivyo siku ya kwanza kisha wakaachana baada ya wiki mbili hawasimulii hadithi hiyo kwenye sherehe, kwa hiyo wewe unazisikia zile zilizofaulu tu. Waulize wazazi wako kila mmoja peke yake ni nini kilitokea kati ya siku ya kwanza na siku ya posa. Humo ndimo utakapoyakuta mapenzi yao.

Je, kuna manukato yanayomfanya mtu akupende mara moja? Sokoni yanauzwa ghali. (Bila jina)

Hakuna. Hadi sasa hakuna harufu ya mwili wa binadamu iliyothibitishwa kuwa na kazi hiyo. Nunua sabuni.

Nilimwona dada mmoja kanisani, na papo hapo nikajua kwamba ni mke wangu. Yeye anasema hakusikia kitu. Nimemwandikia kila siku kwa mwezi mzima. Nifanye nini ili naye asikie? (Kaka wa Ndosho)

Mwaka 2017 Florian Zsok na wenzake wa Groningen, Uholanzi, walichapisha utafiti juu ya watu karibu 400, wakiwauliza kuhusu wale waliokutana nao kwa mara ya kwanza. Waliosema wamependa papo hapo walikuwa hasa wale waliomwona mwenzao kuwa mzuri sana wa sura. Ukaribu na nia ya kudumu, ambavyo ndivyo vinavyopima mapenzi, havikuwa vya juu kwao. Na katika mikutano hiyo ya kwanza haikupatikana hata moja ambayo wawili wote walisikia jambo hilo kwa pamoja. Hali yako basi ndiyo ya kawaida: mmoja amepigwa, mwingine amesalimia tu.

Ulichokijua papo hapo ni uso wake. Alexander Todorov na Janine Willis walionyesha mwaka 2006 kwamba sekunde moja ya kumi inatutosha kuamua kama uso ni wa mtu wa kuaminika, na kwamba tukipewa muda zaidi wa kuutazama, kinachoongezeka hasa ni uhakika wetu. Wewe ulipewa ibada nzima. Dada huyo ameshakujibu, Kaka, na barua ya thelathini haimletei habari ambayo ya kwanza haikumpa, inamletea woga. Futa namba yake leo, na Jumapili ukae upande mwingine wa kanisa.