Pingamizi la kodi TRA: barua iandikweje?

"Wakuu, nimeletewa makadirio ya milioni 9, wamehesabu hadi pesa ya mkopo kama mauzo. Barua ya pingamizi naiandikaje?"

Mkuu angalia kwanza tarehe uliyopokea hiyo notisi, una siku 30 tu kuanzia hapo, na hakikisha barua yako inagongwa muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako. Mwanzoni weka TIN yako, namba ya notisi, mwaka wa kodi na kiasi unachokipinga, maana ukiandika "napinga makadirio yote" wakati kuna sehemu unayodaiwa kweli unajiharibia mwenyewe.

Tuseme kati ya hiyo 9 unakubali 2, basi sema wazi unapinga 7. Halafu sababu ziwe na tarehe na kiasi, mfano "tarehe 14 Machi iliingia milioni 18, ni mkopo, sio mauzo", afu ambatanisha mkataba wa mkopo na statimenti ya benki, mstari wa hiyo milioni 18 kwenye statimenti upigie hailaita kabisa, ofisa asihangaike kuutafuta. Kulia kwamba biashara ngumu sio sababu, hiyo wanairuka tu.

Sasa panapowakwamisha wengi ni hela. Pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kile usichobishia au theluthi moja ya kodi yote, kile kilicho kikubwa. Kwako theluthi ni 3, inazidi ile 2, kwa hiyo unalipa 3. Huna? Omba kwa Kamishna Mkuu upunguziwe au usamehewe, hilo lipo, ila uombe kwa maandishi na sababu zake.