Baki la Cauchy na mfululizo wa ln(1 + x): namna ya kuvuka pale umbo la Lagrange linapokwama

Kwa muda ambao nimekuwa nikifundisha uchambuzi wa hisabati na kusahihisha kazi za wanafunzi wa chuo, nimeona uthibitisho mmoja ukikwama mahali pale pale kila mwaka. Mwanafunzi anaulizwa aoneshe kwamba

ln(1 + x) = x − x²/2 + x³/3 − x⁴/4 + …

kwa kila x iliyo kubwa kuliko −1 na isiyozidi 1. Anaanza vizuri, anamaliza upande wa x chanya kwa mistari michache, kisha anafika upande wa hasi na kuandika kwamba "vivyo hivyo" baki linakwenda kwenye sifuri. Neno hilo "vivyo hivyo" ndilo ninalotaka kulizungumzia, kwa sababu kati ya −1 na −1/2 mambo hayaendi vivyo hivyo hata kidogo, na hapo ndipo umbo la baki lililoachwa na Cauchy linapohitajika.

Kwanza tukubaliane ni kitu gani kinachothibitishwa. Kuonesha kwamba mfululizo una jumla si sawa na kuonesha kwamba jumla hiyo ni ln(1 + x). Cauchy mwenyewe alitoa mfano wa funksheni inayotoka kwenye e^(−1/x²), ikipewa thamani 0 pale x = 0: vinyambuo vyake vyote kwenye sifuri ni sifuri, kwa hiyo mfululizo wake wa Taylor una jumla 0 kila mahali, lakini funksheni yenyewe si sifuri popote isipokuwa kwenye nukta hiyo moja. Kwa sababu hiyo kupima vipengele vya mfululizo peke yake hakutoshi. Ni lazima tuiangalie tofauti kati ya funksheni na jumla ya vipengele n vya mwanzo, yaani baki Rₙ(x), na kuonesha kwamba tofauti hiyo inakwenda kwenye sifuri n inapoongezeka.

Kinyambuo cha ngazi ya n + 1 cha ln(1 + x) ni (−1)ⁿ n!/(1 + x)ⁿ⁺¹. Tukikiweka katika umbo la Lagrange, ambalo wengi hulijua kwanza, tunapata

Rₙ(x) = (−1)ⁿ xⁿ⁺¹ / [(n + 1)(1 + c)ⁿ⁺¹],

ambapo c ni nukta fulani kati ya 0 na x. Ikiwa x iko kati ya 0 na 1, basi 1 + c haipungui 1, na ukubwa wa baki hauzidi 1/(n + 1). Upande huo umekwisha.

Sasa chukua x = −0.9. Nukta c iko mahali fulani kati ya −0.9 na 0, na kanuni haituambii ni wapi. Tukitaka kuwa na uhakika, inatubidi tuchukue hali mbaya kuliko zote, ambayo ni c kukaribia −0.9, na hapo 1 + c inakaribia 0.1. Kikomo cha juu tunachokipata ni 9ⁿ⁺¹/(n + 1). Kwa n = 10 namba hiyo inazidi bilioni 2.8, na inazidi kukua. Lakini ukijumlisha vipengele kumi vya mwanzo kwa mkono utapata karibu −2.1187, huku ln 0.1 ikiwa karibu −2.3026, kwa hiyo baki la kweli ni takriban 0.184 tu. Umbo la Lagrange halijasema uongo: ukitafuta c inayolifanya liwe sawa sawa na baki hilo, utaikuta karibu na −0.156, mbali kabisa na −0.9. Tatizo ni kwamba hatuna haki ya kuitumia c hiyo, kwa kuwa tumeipata kwa kutumia jibu lenyewe. Kwa x hasi, hesabu ya hali mbaya inafanikiwa pale tu |x|/(1 − |x|) isipozidi 1, yaani |x| isipozidi 1/2. Baada ya hapo umbo la Lagrange linanyamaza.

Ushauri wangu kwa anayekutana na umbo la Cauchy kwa mara ya kwanza ni kwamba asilikariri kabla ya kuona linatoka wapi, kwa sababu chanzo chake ni kifupi na kinaeleza kwa nini lina nguvu. Shikilia x isibadilike, kisha tazama tofauti kati ya f(x) na polinomia ya Taylor inayoanzia si kwenye 0 bali kwenye nukta t inayotembea kutoka 0 hadi x. Iite tofauti hiyo F(t). Pale t = x hakuna tofauti yoyote, kwa hiyo F(x) = 0; pale t = 0 tofauti ndiyo baki letu, kwa hiyo F(0) = Rₙ(x). Ukitafuta kinyambuo cha F kuhusiana na t, vipengele vyote vinafutana viwili viwili na kinabaki kimoja tu:

F′(t) = −f⁽ⁿ⁺¹⁾(t) (x − t)ⁿ / n!

Kanuni ya kawaida ya thamani ya wastani inasema F(x) − F(0) ni sawa na x mara F′(c) kwa c fulani kati ya 0 na x, na kwa hiyo

Rₙ(x) = x (x − c)ⁿ f⁽ⁿ⁺¹⁾(c) / n!

Hilo ndilo umbo la Cauchy. Tofauti yake na lile la Lagrange ni kwamba kipeo (x − c)ⁿ kimebaki ndani, na c inaonekana juu na chini kwa pamoja. Tukiingiza kinyambuo cha logarithimu, n! ya juu na ya chini zinafutana, na tunapata

Rₙ(x) = (−1)ⁿ · x/(1 + c) · [(x − c)/(1 + c)]ⁿ.

Tazama kinachotokea c inaposogea kuelekea x iliyo karibu na −1. Asili 1 + c inakuwa ndogo, jambo ambalo lilituangusha hapo juu, lakini x − c nayo inakuwa ndogo, tena kwa kasi inayotosha kulifidia. Ili kuliona hilo bila kuchanganywa na alama za hasi, andika x = −a na c = −b, ambapo b iko kati ya 0 na a, na a ni ndogo kuliko 1. Ukubwa wa kilicho ndani ya mabano ni (a − b)/(1 − b). Ninadai kwamba hauzidi a. Zidisha pande zote kwa 1 − b, ambayo ni chanya, na dai linageuka kuwa a − b ≤ a − ab, yaani ab ≤ b, jambo ambalo ni kweli kwa kuwa a ni ndogo kuliko 1. Sehemu iliyobaki, ambayo ni a/(1 − b), haizidi a/(1 − a). Kwa hiyo

|Rₙ(x)| ≤ |x|ⁿ⁺¹ / (1 − |x|),

na upande wa kulia hauna c tena. Kwa kuwa |x| ni ndogo kuliko 1, unakwenda kwenye sifuri, na ile sehemu kati ya −1 na −1/2 imevukwa. Kwa x = −0.9 kikomo hiki ni 10 × 0.9ⁿ⁺¹. Kwa n = 10 kinatoa karibu 3.14, ambacho bado ni kikubwa mno kikilinganishwa na 0.184, lakini kinapungua bila kusita, na kufikia n = 87 kimeshuka chini ya 0.001.

Nieleze pia mpaka wa kikomo hiki, kwa sababu nimeona watu wakikitumia kuamua idadi ya vipengele vya kujumlisha. Ukishathibitisha kwamba mfululizo unafika kwenye ln(1 + x), baki kwa x hasi ni jumla ya vipengele vilivyosalia, vyote vya alama moja, na unaweza kukilinganisha kila kimoja na mfululizo wa kijiometri. Unapata kikomo kilekile kikiwa kimegawanywa kwa n + 1, ambacho kwa mfano wetu wa n = 10 ni karibu 0.285. Kwa hiyo tumia umbo la Cauchy kuthibitisha, na ulinganisho huo kukadiria kosa la hesabu.

Sasa nifike kwenye kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote. Mwanafunzi anaandika c = θx, anaonesha vizuri kwamba (1 − θ)/(1 + θx) ni ndogo kuliko 1, kisha anasema: namba iliyo ndogo kuliko 1 ikipandishwa kwenye kipeo n inakwenda kwenye sifuri. Hitimisho ni sahihi lakini hoja si sahihi, kwa kuwa θ si namba moja. Kila n ina θ yake, na hakuna kinachozuia θ hizo zisisogee kuelekea sifuri kadiri n inavyokua, hadi uwiano huo ukakaribia 1. Kinachotuokoa ni |x|ⁿ iliyotolewa nje. Uwiano wenye θ tunautumia kwa jambo moja tu, kwamba hauzidi 1. Ndiyo maana ninawashauri wanafunzi wangu wasiandike alama ya kikomo hata mara moja kabla c haijatoweka kwenye mstari.

Anayedhani huo ni ukali usio na sababu aijaribu hoja hiyo mbovu pale x = 1. Hapo umbo la Cauchy linatoa ukubwa wa (1 − c)ⁿ/(1 + c)ⁿ⁺¹, na hakuna |x|ⁿ ya kusaidia kwa kuwa ni 1 daima. Uwiano (1 − c)/(1 + c) ni mdogo kuliko 1 kwa kila n, lakini c kweli inasogea kuelekea sifuri: kwa n = 100, baki halisi la ln 2 ni karibu 0.005, na c inayolitoa ni karibu 0.026, hivyo uwiano ni karibu 0.95. Kwa n kubwa zaidi unakaribia 1 zaidi, na kutokana na umbo la Cauchy peke yake, bila kujua mwendo wa c, hatuwezi kusema chochote zaidi ya kwamba baki halizidi 1. Kwenye nukta hiyo inabidi kurudi kwa Lagrange, ambaye anatoa 1/(n + 1) mara moja, na kwa n = 100 hiyo ni chini kidogo ya 0.01, takriban mara mbili ya baki lenyewe.