Sura ya mwisho ya tasnifu: namna nilivyoacha kurudia sura ya nne

"Wakuu, nasoma masta ya elimu. Sura ya tano imerudi mara ya pili, msimamizi kaandika pembeni 'umerudia sura ya nne'. Mapungufu niliweka muda na fedha, mapendekezo niliandika serikali iongeze vitabu na semina kwa walimu. Sasa niandike nini kipya wakati matokeo ni yaleyale?"

Pole, mwalimu mwenzangu. Yangu ilirudi mara tatu, kwa hiyo nitakueleza kwa kutumia tasnifu yangu mwenyewe.

Nilitafiti namna walimu wa Biolojia kidato cha kwanza wanavyochanganya Kiswahili na Kiingereza darasani. Shule nne za kata, zote za kutwa, walimu wanane, na kila mwalimu niliingia vipindi vyake vitatu. Jumla vipindi 24. Baada ya vipindi nilizungumza na wanafunzi, kisha nikapitia karatasi zao za majaribio.

Sura ya nne nilisema walimu wengi wanaeleza kwa Kiswahili lakini ubaoni wanaandika Kiingereza. Nikasema pia kwamba mwanafunzi anaweza kukueleza vizuri kwa mdomo tofauti ya seli ya mmea na ya mnyama, kwa Kiswahili, na swali hilohilo kwenye karatasi kaliacha wazi. Halafu sura ya tano nikaandika: "Utafiti ulibaini kuwa walimu huchanganya lugha. Utafiti ulibaini pia kuwa wanafunzi hushindwa kuandika." Hapo ndipo kalamu nyekundu ilipopita.

Kilichonisaidia ni kulifunga faili la sura ya nne na kujibu maswali ya utafiti kwa kichwa, sentensi moja moja, bila kutazama majedwali. Baada ya hapo nikajiuliza: majibu haya mawili yakikaa pamoja yanasema nini ambacho hakuna hata moja linalokisema peke yake? Ikatoka hii: kuchanganya lugha kunamfikisha mwanafunzi kwenye kuelewa, kisha kunamwacha hapohapo, kwa sababu katika vipindi vyote 24 sikuona hatua ya kumfundisha kuliandika lile alilokwisha kulielewa. Sentensi hiyo haimo popote katika sura ya nne, na haikuweza kuwamo, kwa kuwa kule kila swali lilikuwa na sehemu yake. Hitimisho ndiyo hiyo. Kama mwongozo wa chuo chako unadai muhtasari wa utafiti, uweke, lakini usizidi nusu ukurasa.

Sasa mapungufu, maana hapa ndipo wengi tunapoumia. Muda na fedha ni sababu tu. Msomaji anataka kujua zilifanya nini kwenye matokeo yako. Fedha ilipopungua uliacha nini, na kwa kukiacha ni dai lipi limelegea? Usipoweza kujibu hilo, lifute. Usichanganye pia mapungufu na mipaka uliyoichagua mwenyewe. Mimi kuchukua kidato cha kwanza tu ulikuwa uamuzi wangu, na mahali pake ni sura ya kwanza.

Pungufu langu la kwanza la kweli lilikuwa uwepo wangu darasani. Nilikwenda na kibali cha halmashauri, na walimu wakaniona kama mdhibiti ubora. Kipindi cha kwanza karibu kila mmoja alijikaza kwa Kiingereza, cha tatu walikuwa wamenizoea na Kiswahili kikarudi. Rasimu ya kwanza niliandika "uwepo wa mtafiti huenda uliathiri matokeo" nikaishia hapo. Sentensi hiyo haina kazi. Sema uliathiri kuelekea upande gani. Kwangu, Kiswahili nilichokirekodi ni pungufu ya kile cha siku za kawaida. Kwa hiyo dai kwamba walimu wanachanganya lugha linabaki imara, lakini dai lolote la kiasi gani wanachanganya silitoi. Nililazimika hata kurudi sura ya nne kufuta takwimu mbili za asilimia nilizokuwa nimejivunia.

La pili lilinishtua zaidi, kwa sababu sikuliona mwenyewe. Kwenye utetezi mtahini aliniuliza: "Mdomo ulikuwa kwa Kiswahili, karatasi ilikuwa kwa Kiingereza. Umejuaje kilichowashinda ni Kiingereza na si kuandika?" Nilikaa kimya. Nilikuwa nimelinganisha vitu viwili vilivyotofautiana kwa mambo mawili kwa wakati mmoja, na mwanafunzi ambaye hata Kiswahili hawezi kukiandika vizuri angeacha wazi vilevile. Takwimu nilizokuwa nazo hazikuweza kutenganisha. Niliruhusiwa kusahihisha, na sura ya tano ikawa bora kuliko ilivyokuwa, kwa sababu pungufu hilo lilizaa sehemu nyingine mbili.

Lilizaa pendekezo la utafiti zaidi: swali lilelile waandike kundi moja kwa Kiswahili na kundi jingine kwa Kiingereza, kisha walinganishwe. Ona lilivyo tofauti na "tafiti zaidi zifanyike mikoa mingine", ambayo ukiitazama ni kuukimbia utafiti wako. Lilizaa pia tahadhari katika mapendekezo. Nilikuwa nimeandika kwamba Baraza la Mitihani libadili lugha ya mtihani. Nilitamani sana libaki, lakini sikuwa nimepima hata mtihani mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili. Likatoka.

Kabla ya mapendekezo kuna maana ya matokeo, na watu huzichanganya hizi mbili. Kipimo changu ni kitenzi. Sentensi yenye "inapaswa" au "wafanye" ni pendekezo. Maana ya matokeo haimwagizi mtu, inasema tu mambo yanaonekanaje sasa. Yangu ilikuwa hivi: mjadala wa "mwalimu atumie Kiswahili au asitumie" unagusa nusu ya kwanza ya kipindi tu, wakati mwanafunzi anapotelea nusu ya pili. Ukurasa mmoja ulitosha.

Mapendekezo niliyapima kwa swali moja: je, ningeweza kuliandika hili kabla sijakwenda uwandani? "Serikali iongeze vitabu" ungeweza kuiandika ukiwa kitandani. Kwangu, kati ya kumi na moja yalibaki matatu. Moja lilimhusu mwalimu wa Biolojia mwenyewe: katika kipindi cha dakika 40, kumi za mwisho wanafunzi waandike sentensi mbili au tatu za dhana waliyoijadili, naye apite akirekebisha. Hili linasimama hata kama kilichowashinda ni kuandika na si Kiingereza, ndiyo maana nililiacha. La pili liliwahusu wadhibiti ubora, kwamba wanapoingia darasani watazame kama hatua hiyo ipo, badala ya kuhesabu maneno ya Kiswahili. La tatu lilimhusu mwalimu wa taaluma wa shule.

Angalia pia unamwagiza nani. Usimwambie mkuu wa shule abadili mtaala, hana mamlaka hayo, mtaala uko Taasisi ya Elimu. Na usiseme "wadau wa elimu". Hakuna mtu anayeamka asubuhi akijua yeye ndiye mdau.

Mwisho chora jedwali lako la siri, usiliweke kwenye tasnifu: safu ya kwanza tokeo, ya pili maana yake, ya tatu pendekezo, ya nne pungufu linaloligusa. Pendekezo lisilo na tokeo kushoto kwake futa. Tokeo lisilo na chochote kulia kwake jiulize kwa nini ulilikusanya. Mimi nilikuwa na moja la namna hiyo, kuhusu miaka ya uzoefu wa walimu, na mpaka leo sijui lilikuwa linafanya nini mle.