Ofa ya mabati na matangi kabla ya masika

"Nauza mabati na simtanki hapa Morogoro. Ofa ya masika niianze lini, na nipunguze bei ya kitu gani?"

Ndugu, ianze katikati ya Februari, kwa sababu anayebadilisha paa anahitaji siku kavu za kung'oa mabati ya zamani, na Aprili mvua huwa imeshakolea. Mchangiaji aliyetangulia kwenye mjadala huu amesema kwamba Aprili wateja hufurika, na ni kweli, lakini wengi wao huja kutafuta bati moja na misumari ya kuziba panapovuja.

Bei ya bati nisingeigusa, kwa kuwa bati la bei ya chini humtia mnunuzi shaka kwamba anauziwa geji 32, ambayo ni nyembamba zaidi, kwa jina la geji 30. Punguza bei ya gata kwa kila anayenunua tanki, kisha umpigie hesabu mbele yake: paa la mita 8 kwa 10, likipata mvua ya milimita 20, hutoa lita 1,600, na ukitoa kama sehemu ya tano inayopotea, hubaki takribani lita 1,280. Tanki la lita 1,000 litafurika kwa mvua hiyo moja, isipokuwa gata ikifungwa upande mmoja tu wa paa, ambapo atapata nusu yake.

Dada wa Mtwara uliyeuliza kuhusu ofa yako, kwenu msimu wa mvua ni mmoja na huanza mwishoni mwa mwaka, hivyo ofa yako ianze Oktoba. Kuhusu pendekezo la kuwakopesha wateja, bado sijashawishika.